Nguo nyekundu imechuja, nyeupe zimekuwa waridi: soma doa kwanza, kisha chagua dawa

Kabla ya kukimbilia jiki, fanya mambo mawili. Itoe nguo iliyochuja kwenye lile fungu, na usiache nguo nyeupe hata moja ikauke. Rangi iliyohamia kwenye nguo mbichi bado haijashika sana, na sehemu kubwa yake hutoka kwa maji na sabuni. Ikikaukia juani, au mbaya zaidi ikipigwa pasi, hujikaza kwenye uzi, na kazi ya saa moja huwa ya siku mbili. Kama huna nafasi sasa hivi, tumbukiza nguo nyeupe peke yake kwenye ndoo kubwa ya maji safi ya baridi zisubiri humo.

Kisha zitazame mahali penye mwanga wa kutosha. Namna doa lilivyokaa inaonyesha rangi ilipitia wapi, na ukijua hilo unajua pia cha kurekebisha safari ijayo.

Nguo yote imekuwa waridi, sawasawa kila mahali

Hapa rangi iliyeyuka ndani ya maji, kisha nyeupe zikaifyonza kutoka humo. Sababu kubwa katika nyumba zinazofua kwa mkono ni kuloweka. Nguo nyekundu ikilazwa kwenye beseni usiku kucha pamoja na nyingine, maji ya povu huifungua rangi taratibu, na pamba nyeupe ina saa nane za kuinywa. Maji ya moto huharakisha jambo hilohilo. Maji machache huzidisha ubaya, kwa kuwa kiasi kilekile cha rangi kinabaki katika lita chache na kila uzi mweupe unakutana nacho. Mashine iliyojazwa hadi mlangoni inafanana na beseni dogo kwa jambo hili.

Doa la aina hii linatisha kulitazama, lakini ndilo jepesi kuokoa, kwa kuwa rangi imesambaa kidogokidogo.

Mabaka yenye kingo, mengine yamefuata mikunjo

Sehemu nyingine za nguo ni nyeupe kabisa, hivyo usiyalaumu maji ya kufulia. Mabaka hutokea baada ya kufua: nguo zimekamuliwa, zikarundikwa mbichi kwenye ndoo au zikasahauliwa ndani ya mashine, nyekundu ikilalia nyeupe. Unyevu mdogo uliobaki huisogeza rangi kutoka kitambaa hadi kitambaa, na hakuna maji mengi ya kuizimua. Ndiyo maana baka moja huwa kali kuliko waridi la shuka zima. Dawa yake ni ileile ila inahitaji muda mrefu. Tibu nguo nzima, usipake jiki kwenye baka pekee, la sivyo utabaki na duara lililong'aa kuliko kitambaa kinacholizunguka.

Michirizi inayoshuka

Nguo nyekundu ilianikwa juu ya nyeupe, au kwenye kamba moja zikiwa zimegusana, ikadondosha. Anika nyekundu peke yake, upande wa chini ya upepo, na uikamue vizuri kwanza. Hakuna zaidi ya hapo.

Kitambaa ni cheupe, lakini lesi, lastiki au mishono imeshika waridi

Hapa tofauti imeletwa na aina ya uzi. Pamba na nailoni hupokea rangi za aina hii, na nailoni huzipokea kwa pupa. Poliesta karibu haizitaki kabisa. Kwa hiyo sidiria ya nailoni inaweza kutoka waridi iliyokolea kutoka kwenye maji yaleyale ambamo shati la tetroni limeshika kivuli tu, kwa kuwa nusu yake ni poliesta. Kumbuka hili unapochagua dawa, maana jiki huibadilisha nailoni nyeupe kuwa ya manjano na kuidhoofisha lastiki, na manjano hayo hayarudi nyuma.

Doa jekundu ambalo si rangi ya nguo

Mawili huwachanganya watu. La kwanza ni bizari. Doa la mchuzi lililokuwa la manjano hugeuka jekundu au la kahawia nyekundu mara linapoguswa na sabuni, kwa sababu bizari hubadilika rangi katika maji yenye magadi. Suuza vizuri, litarudi njano. Kisha anika juani likiwa bichi, jua hulififisha vizuri. La pili ni kutu, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chuma: vidoa vya rangi ya chungwa au kahawia, vidogo, bila mpangilio. Ukivitia jiki vitakolea na kukomaa. Kutu huondolewa kwa asidi, kwa mfano maji ya limau na chumvi, kisha kusuuzwa. Ukiona doa limezidi baada ya jiki, acha mara moja, ulikuwa unapambana na kutu. Suuza kwa maji mengi mpaka harufu ya jiki iishe kabisa kabla ya kugusa limau, maana jiki na asidi hutoa gesi ya klorini.

Kwa nini nyekundu, na ipi haitapona tabia

Nguo nyekundu za pamba hutiwa rangi kwa njia mbili zinazotofautiana sana dobini. Katika njia ya kwanza rangi hufungamana na uzi wenyewe kikemia. Ikishafungamana haitoki, ila daima kuna sehemu iliyokosa mahali pa kujifunga, ikabaki imelala tu kati ya nyuzi. Kiwanda kinapaswa kuiosha kwa maji ya moto mara kadhaa. Kikiharakisha, kazi hiyo unaimalizia wewe. Katika njia ya pili, iliyo ya bei nafuu, rangi imenata tu bila kufungamana, na kila ukifua itatoka kidogo mpaka nguo ipauke.

Nyekundu iliyokolea huhitaji rangi nyingi, hivyo na mabaki huwa mengi. Zaidi ya hapo jicho halisamehi: rangi ya manjano kidogo kwenye shati jeupe hupita bila kuonekana, waridi kidogo huonekana toka mlangoni.

Kisutu kipya ni mfano mzuri. Kanga hii ya arusi ina nyekundu, nyeusi na nyeupe katika kitambaa kimoja, na inapotoka dukani doti bado imekakamaa kwa wanga. Maji ya kwanza huondoa wanga pamoja na rangi isiyojifunga, na ukiiacha imekunjwa ikiwa mbichi, nyekundu ya pindo huchapa alama yake kwenye nyeupe ya mji. Kwa hiyo usiiloweke. Ifue peke yake kwenye maji mengi, uisogezesogeze bila kupumzika kwa dakika 5, suuza mara moja, rudia maji mapya, kisha itandaze kwenye kamba ikiwa imenyooka kabisa.

Ili kujua nguo yako ni ya kundi gani, fanya jaribio hili kabla haijakutana na nyeupe. Chukua glasi ya maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, tia nusu kijiko cha chai cha sabuni ya unga, tumbukiza pindo la ndani la nguo likiwa limebanwa kwa pini pamoja na kipande cha pamba nyeupe. Subiri dakika 30. Usitazame maji tu, tazama kile kipande. Maji yakiwa na rangi na kipande kikabaki cheupe baada ya kusuuzwa, hatari ni ndogo. Kipande kikishika waridi, nguo inaambukiza.

Kwa nguo iliyoambukiza, fua peke yake mara 3 au 4 na kila mara rudia jaribio. Rangi ikipungua kila safari, yalikuwa mabaki, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume: maji ya moto ndiyo dawa. Ikiwa lebo inaruhusu, ifue kwa nyuzi joto 60 peke yake ili mabaki yatoke upesi, badala ya kuyaburuza kwa miezi sita ya maji baridi. Rangi isipopungua hata safari ya tano, ni ile iliyonata tu. Nguo hiyo ifuliwe kwa maji baridi, kwa muda mfupi, peke yake, maisha yake yote. Hakuna adabu utakayoifundisha.

Chumvi na siki je?

Ushauri huu haufi. Chumvi hutumika kweli viwandani, lakini wakati wa kutia rangi, kuisukuma rangi kutoka majini iingie kwenye uzi. Haiifungi nguo iliyokwisha kutoka kiwandani. Siki husaidia rangi za sufu, hariri na nailoni, si za pamba. Ukiloweka kanga kwenye chumvi na maji yakaonekana hayajachafuka sana, ni kwamba chumvi imeizuia rangi isiyeyuke kwa muda huo. Siku ya kufua kwa sabuni bila chumvi, itatoka. Kinachosaidia kidogo ni vile vitambaa vya kunasa rangi vinavyouzwa kwenye baadhi ya supamaketi, ambavyo vimetiwa dawa ya kuvuta rangi iliyo majini. Lakini kimoja kina kikomo chake, kinaokoa nguo inayochuja kidogo. Kisutu kipya kitakishinda.

Kuokoa fungu lililoharibika: mfano

Tuchukue beseni moja. Ndani yake kulikuwa na shuka 1 la pamba, mashati 3 ya shule ya tetroni yenye nembo iliyodariziwa kifuani, na sidiria 1 ya nailoni. Kisutu kipya kililala nazo usiku kucha katika maji ya sabuni. Asubuhi shuka ni waridi iliyokolea, mashati ni waridi hafifu, sidiria ndiyo mbaya kuliko zote.

*Hatua ya kwanza ni maji.* Kisutu kinatolewa. Nyeupe zinasuuzwa kwa maji baridi mapya mara 3 au 4, kila mara beseni likijazwa, mpaka maji yabaki meupe. Usitumie maji yaleyale mara mbili. Maji yenye rangi yanairudisha ulipoitoa.

*Hatua ya pili ni kufua upya.* Sabuni ya unga ya kawaida, kipimo kamili, maji yenye joto na mengi. Shuka linaweza kwenda kwenye maji ya nyuzi 60, mashati na sidiria nyuzi 40. Bila kipimajoto: lita 1 ya maji yaliyochemka katika lita 3 za maji ya bomba hukaribia nyuzi 45, na nusu kwa nusu hukaribia 60. Fikicha kwa dakika 15, kisha suuza. Katika mfano wetu mashati karibu yameshapona hapa, kwa sababu rangi ilishika upande wa pamba tu. Waridi ya shuka imepungua nusu. Ukiona maendeleo, rudia hatua hii kabla ya kupanda ngazi.

*Hatua ya tatu ni unga wa kutoa madoa usio na klorini.* Soma pakiti: kiungo unachokitafuta ni sodiamu pakaboneti. Tia vijiko 2 vya chakula kwa kila lita 4 za maji ya nyuzi 45 hadi 50, koroga hadi uyeyuke, ndipo uingize nguo. Shuka, mashati na sidiria zinaweza kuingia zote, ila gusa nembo kwanza kwa tone la maji hayo, subiri dakika 10 na uikandamize kwa kitambaa cheupe. Nguo zizame kabisa, maana sehemu inayochomoza nje ya maji haitapona sawa. Acha saa 6 hadi 8.

Makosa mawili huharibu hatua hii. La kwanza ni maji baridi. Unga huu hufanya kazi kwa kuachia oksijeni, na kwenye baridi huiachia polepole mno. La pili ni kutumia maji hayohayo siku ya pili. Baada ya saa hizo nguvu imeshaisha, hivyo mwaga, tengeneza mapya. Usiutumie kwa hariri wala sufu.

Baada ya usiku mmoja mashati ni meupe. Shuka limebaki na waridi kwenye pindo ambako kitambaa kimekunjwa mara tatu. Sidiria imepungua lakini bado. Hapa njia zinaachana.

*Shuka: jiki.* Suuza kwanza mpaka usihisi utelezi wa ule unga, kwa sababu dawa hizi mbili zikikutana huuana na hupati faida ya yoyote. Pima mililita 60 za jiki, yaani robo kikombe, katika lita 5 za maji baridi kwenye beseni la plastiki. Changanya kabla ya kuingiza shuka, maana tone la jiki tupu hutoboa pamba. Tazama kila dakika 5 na usipite 15. Isipotoka ndani ya dakika hizo, kuiacha saa nzima hakutaisaidia rangi kutoka, kutalegeza uzi tu. Suuza mara 3. Kamwe usichanganye jiki na siki, limau, dawa ya kusafishia choo yenye asidi wala amonia; zinatoa gesi inayochoma mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndipo ajali hizi hutokea.

Mashati yasiende kwenye jiki hata kama yangebaki na kivuli. Nembo ingepauka, na mashati yaliyotengenezwa yasijikunje huwa na dawa juu ya kitambaa inayogeuka manjano ikikutana na klorini.

*Sidiria: kiondoa rangi.* Wanaotengeneza batiki wanaujua unga mweupe uitwao sodiamu haidrosalfaiti, wanaoutumia kuyeyushia rangi zao. Hupatikana kwenye maduka yanayouza rangi za batiki. Unga huohuo huvunja rangi nyingi nyekundu zisirudi tena, na hauidhuru nailoni nyeupe. Chukua lita 2 za maji ya nyuzi 60, kijiko 1 cha chai cha magadi ya kufulia, kisha nyunyizia kijiko 1 cha chai cha unga huo. Zamisha sidiria kwa dakika 15 hadi 20 bila kukoroga sana, maana hewa huimaliza nguvu dawa. Waridi huondoka machoni pako. Suuza, kisha fua kwa sabuni.

Unga huu unataka heshima. Utie wewe unga ndani ya maji, usimwagie maji kidogo juu ya unga, kwani ukipata unyevu hupata moto na unaweza kuwaka. Fanyia kazi nje au dirishani, vaa glavu, na uuweke mbali kabisa na jiki. Na huondoa rangi yoyote inayokutana nayo, pamoja na ile unayoipenda. Ukijaribu kuutumia kwa doa la buluu ya jinzi, jiandae kuliona likififia na kurudi nguo ikipata hewa. Buluu hiyo huyeyushwa tu, haivunjwi, kwa hiyo isuuze nguo haraka kabla haijapata hewa.

Wengine humalizia kwa buluu ya kufulia ili kuficha waridi. Buluu huficha umanjano. Juu ya waridi inakupa zambarau hafifu, na sasa una rangi mbili za kuondoa.

Nguo yenye nyekundu na nyeupe pamoja

Ikiwa ukosi mwekundu umechuja kwenye shati lake jeupe, jiki na kiondoa rangi havifai, maana vitaula ukosi. Kilichobaki ni maji mengi na mwendo. Jaza ndoo ya lita 20 maji baridi, tia sabuni ya maji vijiko 2 vya chakula, na uisukesuke nguo humo kwa dakika 10 bila kuiacha itulie. Badilisha maji, rudia mara 3. Kama bado, tumia unga wa pakaboneti kwa dakika 30 tu, ukikagua ukosi kila dakika 10. Kisha ibane nguo kati ya taulo mbili nyeupe, ukiweka taulo ya tatu ndani ili mbele isigusane na mgongo, na ianikwe ikiwa imetandazwa kivulini penye upepo. Usiipige pasi mpaka uwe umeridhika na weupe wake, na kwa jezi ya poliesta pasi iwe ya chini kabisa na kwa upande wa ndani: rangi za poliesta hazichuji sana majini, lakini joto kali huzigeuza mvuke unaochapa kitambaa kinachogusana nazo.

Mashine baada ya ajali

Rangi hubaki kwenye mpira wa mlango, kwenye droo ya sabuni na katika maji yaliyosimama kwenye kichujio. Pangusa mpira kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na waridi, endesha mzunguko mtupu wa nyuzi 60 na kipimo cha sabuni, fungua kichujio umwage maji yake, kisha pangusa tena. Fungu la kwanza linalofuata liwe la nguo nyeusi au za jinzi, si shuka lililotoka kuokolewa.